Kwa nini parachichi lililokatwa hubadilika rangi

Kisu kikipita kwenye parachichi, hupasua chembe zake. Kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa hukutana na kemikali za tunda, na hewa ya oksijeni ikiingia, rangi ya kahawia hutokea. Tufaha na viazi hubadilika vivyo hivyo.

Kwa parachichi, paka maji ya limau au ndimu: ukali wake hukizubaisha kimeng'enya. Kisha bandika karatasi ya nailoni juu ya nyama yenyewe, pasibaki hewa, uweke kwenye friji. Kuacha kokwa husaidia pale tu lilipofunika. Pembeni pataiva weusi. Hata hivyo, kesho utaona utando wa kahawia. Ukwangue, chini bado ni kijani. Viazi vitumbukize kwenye maji baridi, vizame kabisa.