Komisio ya nyumba: mama aliona 1,600 ni nyingi

Juma hili tunawaletea habari iliyotukalisha saa tatu nzima kwenye viti vya plastiki, nyuma ya nyumba ya mwenzetu mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi. Jina lake tunaliacha. Yeye ni mjane, na ametukubalia tuwaeleze hesabu yake yote.

Mama huyu aliuza nyumba na parseli aliyoachiwa na marehemu mume wake, yeye pamoja na watoto wake. Bei waliyopatana na mnunuzi ni dola 16,000. Siku mnunuzi alipoleta akonti ya dola 6,000, komisioneri alisimama na kudai komisio yake: dola 1,600, zote siku ile ile. Mama alipiga kelele. «Mtu wa kupiga simu tu! Mimi na marehemu tulibeba matofali kwa kichwa, na yeye achukue 1,600?» Komisioneri naye alikuwa ameweka fishi ya parseli ndani ya mkoba wake, akasema haitoki mpaka alipwe. Ndipo tukaitwa.

Kwanza tuliuliza waliahidiana nini. Komisioneri akasema: kumi kwa mia. Mama hakukataa. Alikumbuka vizuri kwamba siku ya kwanza aliambiwa «kumi kwa mia» akajibu sawa. Lakini alisikia kumi, na kumi ni kidogo. Hakuna mtu aliyekaa naye kumwambia kwamba kumi kwa mia ya 16,000 ni 1,600. Wala hakuna karatasi. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa komisio huzaliwa.

Tulimwomba komisioneri afungue daftari lake, naye akafungua bila kinyongo. Kazi ilidumu miezi minne. Alileta watu kumi na mmoja kuangalia nyumba. Mmoja alitaka kulipa kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Mwingine alikuwa tayari kabisa, lakini shemeji ya mama alikuja kupaza sauti mlangoni kwamba nyumba ni ya ukoo, na mtu yule hakurudi tena. Mnunuzi wa mwisho anatoka Likasi, na aliletwa na komisioneri mwingine wa kule. Jambo hili mama hakulijua: komisio inakatwa katikati kati ya aliye na nyumba na aliye na mnunuzi. Kwa hiyo katika zile 1,600, 800 zinakwenda Likasi. Katika 800 zinazobaki, daftari lilionyesha 140 zilizokwisha kutumika kwa pikipiki, simu, picha na kutoa kopi za hati. Mtu wa simu tu anabaki na 660 kwa miezi minne.

Akaongeza kwamba katika miezi hiyo alitembeza nyumba nyingine tatu, na hata moja haikuuzwa, hakupata kitu. Mama akamkata: «Kwa nini mimi nilipie nyumba za wengine?»

Swali lake ni la haki, na tulilijibu hivi. Tulimwuliza: kama siku ya kwanza komisioneri angekuambia umlipe dola 20 kwa kila mgeni anayemleta, nyumba iuzwe isiuzwe, ungekubali? Akasema hapana, pesa hiyo ingetoka wapi? Basi alichagua njia nyingine: asitoe chochote mpaka nyumba iuzwe. Njia hiyo ina bei yake, kwa sababu hasara ya miezi mitupu anaibeba komisioneri, na huirudisha kwa nyumba inayouzwa.

Lakini hesabu iliyomtuliza mama haikuwa hiyo. Kabla ya komisioneri, jirani yake alikuwa amemtolea dola 13,500. Tuliandika chini: 16,000 kutoa 1,600 ni 14,400. Hata baada ya kulipa yote, mama anabaki na dola 900 zaidi ya zile za jirani. Kama jirani angetoa 15,000, maneno yetu yangekuwa mengine kabisa: komisioneri angekuwa amemletea hasara, na ingekuwa afadhali kumwuzia jirani.

Mama alikuwa akifikiri pia kwamba angekuwa mjanja zaidi kama angesema tangu mwanzo: «Nitakupa 500 tu.» 500 ikikatwa kati ya watu wawili ni 250 kwa kila mmoja. Yule wa Likasi angempeleka mnunuzi wake kwenye nyumba nyingine. Na kuna komisioneri wengine ambao hawabishani nawe hata kidogo juu ya komisio. Wanakuuliza tu: «Mama, wewe unataka kiasi gani mkononi?» Ukisema 13,000, wanajibu hawataki komisio yoyote, unafurahi. Halafu wanamwuzia mnunuzi kwa 16,000 na kubaki na 3,000, karibu mara mbili ya ile uliyoiona kubwa. Utawatambua kwa sababu hawataki uongee na mnunuzi, na pesa wanataka ipite kwao kwanza. Komisio unayoiona, hata ikikuuma, unaweza kuihesabu.

Komisioneri wetu hakuwa wa namna hiyo, lakini naye alikuwa na makosa mawili. Fishi ya mama haiwezi kuwa dhamana ya komisio. Tulimwambia airudishe kabla ya kuendelea, akairudisha. La pili, kuchukua 1,600 zote katika akonti ya 6,000. Je, mnunuzi akishindwa kumaliza na akadai akonti yake? Mama angerudisha pesa ambayo hanayo tena. Kwa hiyo komisio ifuate pesa inavyoingia: kumi kwa mia ya 6,000 ni 600, hizo alichukua siku hiyo.

Ikabaki 1,000 ya mwisho. Hapo mama alileta neno ambalo lilikuwa na uzito kuliko kelele zote za mwanzo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekaa na shemeji mpaka akanyamaza. Yeye ndiye aliyesafiri mpaka Kolwezi, kwa nauli yake, kutafuta saini ya mtoto wake wa kwanza, maana watoto ni warithi na mnunuzi hakutaka kulipa bila saini zao. Kazi hiyo komisioneri alikuwa ameahidi kuisimamia, na hakuifanya. Aliinamisha kichwa, akapiga simu Likasi, wakaongea kwa muda mrefu. Aliporudi akasema watapunguza 200. Si kwa kuhurumiwa kwamba ni mjane, bali kwa safari ya Kolwezi.

Mnunuzi alimaliza dola 10,000 zilizobaki baada ya wiki tano. Walihesabu mbele ya mama, watoto wawili na sisi. Komisioneri alipata 800 zake za mwisho, na mama akabaki na 14,600.

Sasa dada yake anauza parseli huko Ruashi, na komisioneri ni yule yule. Safari hii kuna karatasi, yenye saini mbili, na mama ndiye aliyeiandika kwa mkono wake. Inasema komisio ni kumi kwa mia ya bei iliyoandikwa kwenye hati ya mauzo, pamoja na mgawo wa komisioneri wa mnunuzi; italipwa kila mara pesa inapoingia; mnunuzi atalipa mikononi mwa mwenye parseli; hati zote zinabaki nyumbani. Chini yake ameweka hesabu tatu: bei ikiwa 5,000 komisio ni 500, ikiwa 6,000 ni 600, ikiwa 7,000 ni 700. Dada yake alipoona 700 akashtuka, naye mama akamwambia ashtuke sasa, kalamu ingali mkononi.