Kosa Linaposhuka Huku na Kupanda Kule

Mwanafunzi anayefundisha modeli yake ya kwanza huona kwenye skrini namba mbili zikibadilika kila duru, `loss` na `val_loss`. Ya kwanza ni kosa kwenye data ya mafunzo, yaani ile ambayo modeli inajifunzia. Ya pili ni kosa kwenye data ya uthibitishaji, iliyowekwa kando ili modeli isijifunze kwayo. Mwanzoni zinashuka pamoja. Baadaye ya kwanza inaendelea kushuka, ya pili inageuka na kuanza kupanda, na mwanafunzi anaanza kutafuta hitilafu kwenye kodi. Mara nyingi haipo. Modeli iliagizwa ipunguze namba ya kwanza, nayo inatii.

Tuchukue mfano mdogo wa kutunga, ambao hesabu yake unaweza kuihakiki mwenyewe. Dereva wa bodaboda anapeleka vifurushi, na kwa kawaida kila kilomita humchukua dakika 2. Siku ya foleni anachelewa dakika 1. Siku njia ikiwa nyeupe anaokoa dakika 1. Safari zake tano za kilomita 1, 2, 3, 4 na 5 zilichukua dakika 3, 3, 7, 7 na 11. Hizo ndizo data zetu za mafunzo. Kwa uthibitishaji tunazo safari nne nyingine, za kilomita 1.5, 2.5, 3.5 na 4.5, zilizochukua dakika 4, 4, 8 na 8.

Modeli ya kwanza ni mstari ulionyooka, na ya pili ni polinomia ya digrii ya nne, inayoruhusiwa kupinda mara kadhaa. Kosa tunalipima kwa wastani wa miraba ya tofauti kati ya makisio na dakika halisi. Ukitaka kujionea, mistari hii inatosha:

```python
import numpy as np
x, y = [1, 2, 3, 4, 5], [3, 3, 7, 7, 11]
xv, yv = [1.5, 2.5, 3.5, 4.5], [4, 4, 8, 8]
for d in (1, 2, 4):
    p = np.polyfit(x, y, d)
    a = np.mean((np.polyval(p, x) - y) ** 2)
    b = np.mean((np.polyval(p, xv) - yv) ** 2)
    print(d, round(a, 2), round(b, 2))
```

Mstari unatoa kosa la mafunzo la 0.96 na la uthibitishaji la 1.04. Digrii ya pili inatoa 0.73 na 1.08. Digrii ya nne inatoa 0 kamili kwenye mafunzo, lakini uthibitishaji unaruka hadi 2.39.

Ile sifuri haina muujiza wowote. Polinomia ya digrii ya nne ina vigezo vitano na safari za mafunzo ni tano, kwa hiyo daima kuna mkunjo mmoja unaopita katika kila nukta. Tena, kila mstari ulionyooka ni polinomia ya digrii ya nne ambayo vigezo vyake vya juu ni sifuri. Modeli kubwa inaweza kufanya yote ambayo ile ndogo inaweza, pamoja na mengine, na ndiyo maana kosa lake bora la mafunzo haliwezi kuwa kubwa kuliko la ile ndogo. Hiyo ni hesabu tu, wala haithibitishi kwamba modeli imeelewa chochote kuhusu bodaboda.

Sasa tazama kilichofanya kosa la pili lipande. Mstari uliopatikana ni dakika 2 kwa kila kilomita, jumlisha 0.2. Kanuni ya kweli imeonekana, na foleni imeachwa kama ilivyo. Mkunjo wa digrii ya nne umelazimika kuieleza kila dakika ya foleni kana kwamba inatokana na umbali. Kwa hiyo unakisia kuwa safari ya kilomita 1.5 itachukua dakika 1.375, chini ya nusu ya dakika 3 za safari ya kilomita 1. Ukiuuliza kuhusu kilomita 6, unajibu dakika 43, wakati kanuni ya kweli inasema 12.

Foleni ya safari zile nne ni nyingine kabisa. Hakuna modeli inayoweza kuikisia kutokana na umbali, na yenyewe inachangia kosa la 1 kwa kila modeli. Namba nilizipanga ili mgawanyo huu uonekane wazi: 1.04 ya mstari ni 1 ya foleni mpya na 0.04 ya mstari kukosea kanuni, ilhali 2.39 ni 1 ile ile pamoja na 1.39 iliyoletwa na mikunjo. Modeli iliyokariri inalipa mara mbili, kwanza kwa bahati nasibu ya data mpya, kisha kwa bahati nasibu ya data ya zamani iliyoibeba kama kanuni.

Kwenye mtandao wa neva idadi ya vigezo haibadiliki kati ya duru moja na nyingine, ila hadithi inafanana. Katika duru za mwanzo, jambo linaloonekana katika mifano mingi husukuma vigezo upande mmoja, hivyo hujifunzwa haraka. Likishakamilika, kosa linalobaki linatokana zaidi na mifano migumu, mifano yenye lebo mbaya na upekee wa mfano mmoja mmoja, na hatua zinazofuata hutumika kuikariri hiyo. Uwezo wa kukariri ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2016 Chiyuan Zhang na wenzake walichukua CIFAR-10, yenye picha 50,000 za mafunzo katika makundi 10, wakabadilisha lebo zote kwa kubahatisha. Mitandao yao ilifikisha kosa la mafunzo sifuri hata hivyo. Kwenye picha mpya haikuwa bora kuliko kubahatisha.

Kuna hali moja inayowachanganya wanafunzi: `val_loss` inapanda, lakini asilimia ya majibu sahihi haishuki. Sababu ni kwamba katika kuainisha, hasara kwa kawaida hupimwa kwa logi ya uwezekano ambao modeli imelipa jibu sahihi. Modeli iliyolipa jibu sahihi uwezekano wa 0.4 ikakosea, inatozwa takriban 0.92. Ikilipa 0.01, inatozwa takriban 4.6. Yote mawili ni kosa moja ukihesabu majibu, ila la pili ni la modeli inayokosea kwa kujiamini. Modeli inayokariri huzidi kujiamini, kwa hiyo hasara yake inaweza kupanda mapema kuliko idadi ya makosa. Kama unahitaji uwezekano wenyewe, tuseme kwa kupanga hatari ya mikopo, amini hasara. Kama unahitaji jibu tu, fuatilia asilimia pia.

Dawa ya kwanza, ukiweza kuipata, ni data zaidi. Kwa safari 500, mkunjo wenye vigezo vitano hauwezi tena kuifuata foleni ya kila siku, na utalazimika kukaribia mstari. Ukikosa data, hifadhi vigezo vya duru ambayo `val_loss` ilikuwa chini kabisa, na usisimamishe mafunzo kwa sababu imepanda duru moja, maana nayo hutetereka. Subiri duru kadhaa bila nafuu ndipo usimame. Duru hiyo umeichagua kwa kutazama data ya uthibitishaji, hivyo kosa lake la chini kabisa lina bahati kidogo ndani yake. Namba ya kuandika kwenye ripoti itoke kwenye fungu la tatu la data, ambalo hukulitumia kuchagua chochote.