Kadi ya fundi cherehani isiyosongamana

Kadi nyingi za mafundi cherehani husongamana kwa sababu fundi hutaka karatasi moja imfanyie kazi zote. Tuchukue mfano wa fundi wa nguo za kike pale Magomeni, Dar es Salaam. Kadi yake ina sentimita 9 kwa 5. Humo kuna namba tatu za simu, huduma kumi na moja, bei nne, na picha ya cherehani iliyofifishwa nyuma ya maandishi. Ili vyote vienee, herufi zimepunguzwa hadi pointi 5, na namba ya simu imeangukia juu ya gurudumu la cherehani, 3 inasomeka kama 8.

Kabla ya kugusa herufi, gawa kazi. Kadi ni ya mteja kukupata tena. Kipeperushi ni cha kumsaidia kuamua. Kwa hiyo bei zote zihamie kwenye kipeperushi. Bei hubadilika uzi na bitana vinapopanda, na kadi iliyokatwa bei kwa kalamu huanzisha ubishi kabla mteja hajapimwa.

Kadini vibaki vitu vinne: jina la duka, utaalamu kwa mstari mmoja, namba ya simu na mahali. Kwenye utaalamu, andika "Magauni ya kitenge na ya harusi". "Tunashona nguo zote" haimwambii mteja lolote. Namba iwe moja, ile inayopokewa na yenye WhatsApp, ikiandikwa kwa mafungu ya tarakimu nne, tatu, tatu. Mahali pataje mtaa na jengo ambalo kila bodaboda analijua. Namba iwe na pointi 11 au 12, mengine yasishuke chini ya 8. Acha milimita 5 pembeni, maana kisu cha kukatia kadi huhama kidogo.

Kipeperushi cha A5 kinatosha, na hapa ndipo bei zinahitaji uangalifu. Huduma kumi na moja ziwe mafungu matatu: kushona, kurekebisha, sare. Chini ya kushona, mathalani: "Gauni la kitenge, bila bitana: kuanzia sh 30,000. Lenye bitana: kuanzia sh 40,000." Juu ya orodha iandikwe, "Bei ni za ufundi tu. Kitambaa ni cha mteja." Sentensi hiyo moja huzuia magomvi mengi kuliko mapambo yoyote. Weka bei karibu na huduma yake. Ikisukumwa hadi ukingo wa pili, jicho huteleza na kusoma bei ya mstari mwingine. Chini kabisa andika mwezi na mwaka bei zilipopangwa, na uchapishe vipeperushi vichache kuliko kadi.

Steshenari wakikuonyesha kazi kwenye kompyuta, omba nakala moja kwenye karatasi ya kawaida, kwa ukubwa wake halisi. Mpe mtu mzima aisome jioni kwa mwanga wa dukani, kisha apige simu akifuata namba iliyo kwenye karatasi hiyo, asitumie aliyoihifadhi.