Kupangisha kona ya butiki: anza na baieri

Pita kwenye galeri za Butembo, au zunguka soko la Kilokwa huko Beni, utaona butiki moja inalisha biashara mbili. Ndani mama anauza vitenge. Mlangoni kijana ameweka meza yake ya inite na kutuma pesa, au fundi ameketi na cherehani. Kodi ya mwezi inapunguka kwa mama, na kijana amepata nafasi kwenye njia ya watu bila kutafuta garanti ya butiki nzima. Mpango ni mzuri. Tatizo ni kwamba mara nyingi wawili hao wamepatana wenyewe kwa mdomo, na baieri, alipoiona sura mpya mlangoni, hakusema kitu. Wao wakahesabu kwamba amekubali.

Sheria haihesabu hivyo. Kongo iliingia OHADA tarehe 12 Septemba 2012, na tangu hapo upangaji wa nyumba za biashara kwetu unaongozwa na Sheria ya Pamoja ya OHADA kuhusu biashara kwa jumla, ile iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2010. Ibara yake ya 121 inakataza mpangaji kumpangisha mtu mwingine, iwe butiki yote au sehemu yake, isipokuwa kontra yake na baieri imeruhusu. Hata pale inaporuhusiwa, baieri anapaswa kujulishwa kwa maandishi. Asipojulishwa, mapatano ya kona hayamfungi: kwake yeye, kijana wa mlangoni ni kama hayupo.

Wengi wetu tumepanga bila kontra ya kuandikwa, na wapo wanaodhani kwamba pasipo karatasi hakuna katazo. Ni kinyume chake. Sheria hiyo inautambua upangaji wa mdomo, kwa hiyo na makatazo yake yanaufuata. Asiye na kifungu kinachomruhusu, anabaki chini ya katazo.

Karatasi ya kwanza, basi, si ya mama na kijana. Ni barua fupi ya mama kwa baieri, nakala mbili: “Naomba ruhusa ya kupangisha sehemu ya butiki ninayopanga kwako, mita tatu za mraba upande wa mlango, kwa biashara ya inite na kutuma pesa. Mimi nabaki kukulipa kodi yote kama kawaida.” Baieri aandike chini “nimekubali”, tarehe na sahihi. Nakala moja yake, moja ya mama. Kijana naye aione kwa macho yake kabla hajatoa hata dola moja. Mama akimwambia “baieri ni mtu wangu, usijali,” hiyo ndiyo dalili ya kutotoa pesa.

Baada ya ruhusa, bei. Hapa ndipo ninapoona watu wakigombana zaidi, kwa sababu wanapima sakafu tu. Tuseme butiki ina mita 20 za mraba na kodi ni dola 120 kwa mwezi. Njia ya kupitia wateja inachukua mita 5, na hiyo ni ya wote. Zinabaki 15: mama ana 12, kijana ana 3. Kwa sakafu peke yake kijana angelipa sehemu moja kati ya tano, yaani dola 24. Lakini mita 3 zake ziko mlangoni, mahali ambapo mteja anamwona hata akiwa barabarani, wakati karibu vitenge vyote vya mama viko ndani. Kwa hiyo hesabu kila mita ya mlangoni kama mbili. Mama ana mita 2 mlangoni, zinakuwa 4, na 10 za ndani: jumla 14. Kijana anakuwa na 6. Sita kati ya ishirini ni asilimia 30, sawa na dola 36. Bei ya haki iko kati ya 24 na 36, na pale ambapo mlango ndio unaoleta wateja wote, ningesogea karibu na 36.

Kuna mpaka mmoja wa kuangalia. Ukigawa butiki kona nyingi, ukafika mahali unapokusanya zaidi kuliko unavyolipa, ibara ya 122 inampa baieri haki ya kudai kodi yake ipande kwa kiasi hicho, na msipoelewana mahakama ndiyo inayopanga. Kona nne za dola 35 ni dola 140. Katika butiki ya dola 120, baieri akipata habari faida hiyo haitadumu.

Karatasi ya pili ndiyo ya mama na kijana. Kitu cha kwanza ndani yake kiwe siku ya kulipa. Kama baieri anapokea tarehe 5, kona ilipe tarehe 1, na iandikwe kama ni dola au franka za Kongo kwa bei ya siku hiyo. Kijana apewe risiti, na awe na haki ya kuona kila mwezi risiti ambayo mama amepewa na baieri. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo linaloangusha kona nyingi: kijana analipa vizuri, mama anaziingiza pesa katika mzigo mpya, na siku baieri akidai miezi mitatu, wote wawili wanatolewa. Ukiona risiti ya baieri inacheleweshwa kwa maneno, omba ruhusa ya kumlipa baieri moja kwa moja sehemu yako. Garanti ya kona nayo iwekwe kando, isigeuke mtaji.

Kisha vitu. Taja bidhaa za kila mmoja kwa majina. “Tusiingiliane” haitoshi, leo kijana anauza inite, kesho anatundika vitenge viwili mezani. Andika nani anafungua, nani ana ufunguo, na kwamba jioni kila mtu anaondoka na pesa zake. Kama kuna umeme, mita ndogo ya kona inamaliza ugomvi. Bila hiyo, hesabuni vifaa. Petroli ya jenereta isilale ndani karibu na vitambaa. Kila mmoja awe na patenti yake, maana maajenti wakifunga mlango kwa ajili ya mmoja, mali za wote zinabaki ndani.

Siku za vil morte zinahitaji mstari wake. Kodi ya baieri haisimami kwa sababu mji umefungwa, kwa hiyo kona pia inaendelea kulipa, isipokuwa baieri mwenyewe amepunguza. Hapo punguzo ligawanywe kwa asilimia ileile ya kodi.

Na ikiwa kona tayari ipo bila ruhusa? Ibara ya 133 inamtaka baieri, kabla ya kwenda mahakamani kuvunja upangaji, atoe onyo linalotaja kosa na kukupa mwezi mmoja wa kulirekebisha. Mwezi huo utumieni kupata sahihi yake, au kona iondoke kwa utaratibu. Siku ya kuondoka, hesabuni pamoja: kijana analipa kodi hadi siku ile na umeme alioutumia, anang'oa rafu na kibao chake, anarudisha ufunguo mbele ya shahidi, na garanti inarudi mkononi mwake saa ileile, wote wawili wakitia sahihi chini ya karatasi.