Kung'oa shingo ya usukani iliyokwama

Shingo ya usukani ni kipande cha chuma au alumini kinachounganisha usukani wa baiskeli na foku. Katika baiskeli za zamani za chuma shingo hii huingia ndani ya bomba la foku, yaani bomba lenye skurubu linalopita katikati ya fremu na kuzungukiwa na gololi. Ikikaa miaka mingi bila kutolewa hugandana na bomba hilo, na hapo usukani hauwezi kupandishwa, kushushwa wala kubadilishwa. Wala foku haiwezi kutolewa ili gololi zipakwe grisi, kwa sababu sehemu ya juu ya shingo ni pana kuliko tundu la fremu.

Makala hii inahusu hasa baiskeli nyeusi nzito zenye breki za vyuma, ambazo nchini Kenya huitwa "black mamba". Kwa kawaida shingo na bomba la baiskeli hizo vyote ni vya chuma. Shingo ya alumini ina tabia tofauti, nayo imeelezwa mbele kidogo.

Jinsi shingo inavyoshikwa

Katika vipimo vilivyoenea zaidi shingo ina kipenyo cha milimita 22.2, na bomba la foku lina kipenyo cha nje cha milimita 25.4. Tofauti yake ni milimita 3.2, kwa hiyo ukuta wa bomba una unene wa takriban milimita 1.6 tu. Tarakimu hiyo ndogo ndiyo sababu ya tahadhari zote zinazofuata.

Bolti ndefu hupita ndani ya shingo kutoka juu hadi chini. Mwisho wake umeshikwa na kabari, ama iliyokatwa mshazari au yenye umbo la pia. Bolti ikikazwa huvuta kabari juu, nayo hutanua au kusukuma upande mwisho wa shingo hadi ubane ukuta wa bomba. Kwa hiyo kulegeza bolti peke yake hakutoshi, maana kabari hubaki imebana mahali pake hadi igongwe irudi chini. Watu wengi hudhani shingo yao imeshikwa na kutu, kumbe hawajagonga kabari.

Hatua ya kwanza: kabari

Fungua bolti mizunguko mitatu au minne, hadi kichwa chake kiinuke milimita 5 hivi. Usiitoe yote. Weka kipande cha mbao ngumu juu ya kichwa hicho, kisha piga kwa nyundo pigo moja zito badala ya mapigo mengi mepesi. Kichwa kikishuka ghafla na kugusa shingo, kabari imeachia. Kisiposhuka baada ya mapigo matatu au manne, tia mafuta kwanza na ungoje. Ukiendelea kupiga utapinda bolti au kuharibu skurubu zake.

Fungua pia viungo vya vyuma vya breki vinavyotoka kwenye usukani kwenda kwenye foku, ili usukani uweze kuzunguka peke yake.

Mafuta na muda

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana huziba ule upenyo mwembamba kati ya mabomba mawili. Mafuta mepesi ya kulegeza kutu hupenya humo polepole sana. Yatiwe pale shingo inapoingia kwenye nati ya juu, asubuhi na jioni, kwa siku mbili au tatu.

Watu wengi husahau upande wa chini. Bomba la foku huwa wazi chini, mahali gurudumu la mbele linapojificha chini ya bangili ya matope. Ondoa gurudumu na bangili, geuza baiskeli miguu juu, kisha mimina mafuta kwenye tundu hilo na uiache hivyo usiku kucha. Mara nyingi kutu mbaya zaidi iko huko, kwa kuwa maji yanayorushwa na tairi hupanda kwa njia hiyo.

Kuzungusha

Shingo huachia kwa kuzungushwa kuliko kwa kuvutwa. Kosa la kawaida ni kubana gurudumu la mbele kwa magoti na kunyonga usukani kwa nguvu zote. Nguvu hiyo hupita kwenye miguu ya foku na kuipinda, na baiskeli yenye foku iliyopinda huvuta upande mmoja siku zote. Ni heri kuondoa gurudumu, kisha kubana kichwa cha foku, pale miguu miwili inapokutana, katika jiliwa lenye mbao pande zote mbili. Pasipo jiliwa, pitisha boriti ya mbao katikati ya miguu ya foku, karibu kabisa na kichwa chake, na mtu wa pili aishikilie.

Zungusha usukani kidogo kulia, kisha kushoto, huku na huku. Sauti ya mkwaruzo na unga mwekundu unaotoka juu ni dalili njema. Ongeza mafuta na uendelee, ukivuta juu taratibu.

Mfano: baiskeli imekaa miaka kadhaa kwenye kibanda karibu na bahari. Kabari inashuka kwa pigo la pili, lakini usukani hausogei. Baada ya siku tatu za mafuta juu na chini unazunguka robo mzunguko, na baadaye mzunguko mzima, ila unapanda sentimita mbili tu na kukwama. Hapa tatizo si kutu tena. Kitu kinachozunguka lakini hakipandi kimezuiwa na umbo: ama kabari imekaa upande, ama bomba la foku limevimba kwa sababu bolti ilikazwa kupita kiasi. Rudisha shingo chini, gonga kabari tena, kisha jaribu. Ikishindikana, toa bolti yote ili kabari ianguke kupitia tundu la chini. Bomba likionekana limevimba au lina ufa, foku hiyo haifai kupandwa tena.

Shingo ya alumini

Alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi huliwa, na unga mweupe unaotokea hubana kama saruji. Moto haufai: alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, basi shingo hubana zaidi. Kuipoza kwa barafu husaidia. Kwa kipenyo cha milimita 22.2, ikiwa shingo na bomba vitashuka nyuzi 50 pamoja, upenyo huongezeka kwa takriban milimita 0.012. Ni kidogo mno, lakini hutosha kuvunja ule ugumu.

Kukata

Njia ya mwisho ni kukata shingo kwa msumeno wa chuma, sentimita 3 juu ya nati. Sasa nati zinapita, na foku inatoka chini pamoja na kipande kilichobaki. Ikiwa kipande ni cha alumini, hukatwa mfereo kwa ndani kwa wembe wa msumeno, kwa urefu wake wote, hadi karibu na chuma. Kisha hukunjwa kuelekea ndani. Soda kaustiki ya kutengenezea sabuni pia huyeyusha alumini bila kula chuma, lakini hutoa gesi ya hidrojeni inayowaka na huunguza macho na ngozi. Itumiwe nje, kwa glavu na miwani, na soda itiwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda.

Kwa shingo ya chuma ndani ya bomba la chuma, mkono hauoni tofauti ya rangi wala ugumu, na wembe huingia kwenye ule ukuta wa milimita 1.6 bila fundi kujua. Katika hali hiyo kununua foku nyingine ni salama zaidi.