Pale Mistari Miwili Inapokatana

Mwanafunzi wa maabara amepewa tindikali ya hidrokloriki iliyochafuka kwa rangi nyekundu iliyokolea, na anatakiwa aseme ina nguvu kiasi gani. Njia aliyoizoea ni kudondosha sodiamu haidroksaidi kutoka kwenye bureti mpaka fenoftalini igeuke kuwa ya waridi. Hapa waridi hilo litamezwa na wekundu uliokuwemo. Kinachobaki ni kupima jinsi kimiminika kinavyopitisha umeme, maana kipimo hicho hakijali rangi.

Umeme katika maji hubebwa na ioni, lakini ioni hazilingani kwa kazi. Ioni ya hidrojeni hupitisha umeme karibu mara 7 ya ioni ya sodiamu. Mwaka 1806 Theodor Grotthuss alitoa wazo ambalo, baada ya kurekebishwa, bado linaeleza sababu yake: chaji haisafiri na chembe moja kutoka mwanzo hadi mwisho, bali molekuli za maji huipokezana, kama watu waliopanga mstari wakipeana ndoo kuzima moto. Ioni ya haidroksaidi nayo hunufaika na mpokezano huo, ila kwa kiasi kidogo. Yenyewe ni kama mara 4 ya sodiamu.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya bika. Kila tone la besi huleta haidroksaidi, nayo huungana na hidrojeni na kuwa maji. Mbebaji hodari ametoweka, na nafasi yake imechukuliwa na sodiamu iliyo goigoi. Kloridi haiguswi. Kwa hiyo upitishaji unashuka, tena kwa mwendo ulionyooka. Hidrojeni ikiisha, haidroksaidi inayozidi kumiminwa haina wa kuungana naye, inabaki na kubeba umeme, na upitishaji unapanda. Kona kati ya mteremko na mpando ndiyo tunayoitafuta.

Tuseme tindikali ni mililita 100, na besi ni molari 0.100. Besi imefanywa kali mara kumi hivi kuliko tindikali ili ujazo usiongezeke sana. Hata hivyo unaongezeka, na maji ya ziada hupunguza usomaji. Dawa yake ni kuzidisha kila usomaji kwa ujazo wa sasa, kisha kugawa kwa ujazo wa mwanzo. Baada ya mililita 2, kwa mfano, 3.30 huzidishwa kwa 102 na kugawanywa kwa 100. Vipimo viko katika milisimensi kwa sentimita:

| Besi (mililita) | Usomaji | Uliosahihishwa |
|---|---|---|
| 2 | 3.30 | 3.37 |
| 4 | 2.67 | 2.78 |
| 6 | 2.07 | 2.19 |
| 8 | 1.48 | 1.60 |
| 12 | 1.51 | 1.69 |
| 14 | 1.90 | 2.17 |
| 16 | 2.27 | 2.63 |

Mwenye haraka atatafuta namba ndogo kuliko zote, aione 1.48, na kutangaza kwamba jibu ni mililita 8. Amekosea kwa zaidi ya asilimia 16. Kona haisomwi kwenye jedwali, inachorwa: mstari mmoja upite kwenye nukta nne za mteremko, mwingine kwenye tatu za mpando, kisha yote miwili irefushwe mpaka ikatane. Inakatana kwenye mililita 9.6, mahali ambapo hakuna aliyepima chochote. Hapo ndipo ninapoipendea njia hii. Haimlazimishi mtu kuvizia tone la mwisho. Zidisha 9.6 kwa 0.100, gawa kwa 100, na tindikali ni molari 0.0096. Ukichora kwa namba ambazo hazikusahihishwa, unapata kama 9.5. Si kosa kubwa, lakini lingeepukika.

Kwa kuwa tunatafuta kona tu, mita isiyosawazishwa vizuri haiharibu jibu, mradi kosa lake ni lile lile tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachoharibu ni mabadiliko katikati ya kazi: elektrodi kusogezwa au kuachwa nusu nje ya kimiminika, kusoma kabla ya kukoroga vizuri, au joto kupanda. Nyuzi moja tu ya selsiasi huongeza usomaji kwa takriban asilimia 2. Nukta moja ikiruka nje ya mstari, shuku mambo hayo kwanza.

Kona ikiwa butu badala ya kuwa kali, tazama chupa ya besi. Sodiamu haidroksaidi iliyoachwa wazi hufyonza kabonidayoksaidi ya hewani na sehemu yake kugeuka kabonati, ambayo huipindisha mistari karibu na makutano. Nukta za mbali na kona bado huweza kuchorewa mistari, ila jibu linarithi udhaifu wa besi yenyewe. Heri kutengeneza nyingine, kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa.