Katoni 4 hazijafika: jinsi ya kuandika barua ya madai kwa kampuni ya bima

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuongelee kitu kimoja tu: mzigo wako ulikuwa na bima, umepungua njiani, sasa unataka ulipwe. Wengi wetu tukifika hapo tunaandika meseji ndefu ya kulalamika, tunaituma wasap kwa ajenti, halafu tunasubiri. Kampuni ya bima hailipi malalamiko. Inalipa hesabu, na kila namba kwenye hiyo hesabu lazima iwe na karatasi nyuma yake. Ukilishika hilo, barua yenyewe ni ya ukurasa mmoja.

Nitatumia mzigo wangu wa mwaka 2024 kama mfano. Niliagiza mabegi ya kina mama kutoka Guangzhou, katoni 20, kila katoni mabegi 30. Ulikuja kwa meli kwenye kontena la kuchanganya, lile ambalo watu wengi wanashea. Dar es Salaam nilikabidhiwa katoni 16. Namba 7, 8, 15 na 19 hazikuwepo.

KABLA YA BARUA: ANGALIA KAVANOTI YAKO

Kuna ajenti anakwambia "bima ipo ndani ya bei". Muulize kavanoti iko wapi. Kama hakuna kavanoti inayotaja mzigo wako na jina lako, huna cha kudai kwa kampuni ya bima, unabaki kudaiana na ajenti tu. Namba ya kavanoti unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRAMIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA).

Kitu cha pili ni herufi. Bima ya mizigo ya baharini kwa kawaida inauzwa kwa masharti A, B au C. C ndiyo nyembamba kuliko zote: inahusu mambo makubwa kama meli kuzama, kuungua moto au kugongana. B inaongeza machache, mfano maji ya bahari kuingia kwenye mzigo. Wizi na katoni kutoonekana havimo kwenye B wala C, labda kama viliongezwa kwa maandishi. A ndiyo inayobeba upotevu wa aina yangu. Hata A ina mipaka yake: hailipi hasara ya kuchelewa, wala mzigo ulioharibika kwa sababu ulifungwa vibaya.

Hapo kwenye kuchelewa ndipo wengi wanakwama. Katoni zisipoonekana, jibu la kwanza la ajenti ni "zitakuja na kontena linalofuata". Akikaa na jibu hilo, kwa macho ya bima mzigo wako umechelewa tu, haujapotea. Kwa hiyo unahitaji karatasi kutoka kwake inayosema katoni hizo hazijapatikana.

SIKU YA KUPOKEA MZIGO

Hesabu katoni moja moja kabla ya kusaini chochote. Pale kwenye karatasi ya makabidhiano niliandika kwa mkono: "Nimepokea katoni 16 kati ya 20. Hazipo namba 7, 8, 15 na 19." Nikasaini, mtu wa ghala naye akasaini, nikapiga picha.

Kwa nini ni muhimu hivyo? Kampuni ya bima ikishakulipa, inachukua nafasi yako na kwenda kumdai msafirishaji. Ukisaini kwamba umepokea mzigo wote salama, umeinyima hiyo nafasi, na yenyewe itapata sababu ya kukukatalia. Kwa hiyo hiyo sababu, ajenti akikupa hela kidogo na kukuambia usaini kwamba "madai yamekwisha", usisaini kabla ya kuongea na bima yako.

Kama upungufu hauonekani kwa nje, mfano katoni imefunguliwa na kufungwa tena, mwandikie msafirishaji ndani ya siku 3 tangu upokee. Katoni isiyopo kabisa inaonekana palepale, kwa hiyo unaandika palepale.

Siku hiyohiyo wapigie bima simu, halafu uwatumie imeili ili kuwe na ushahidi. Waulize kama watatuma mkaguzi. Akija, mwache aone katoni zilizofika kabla hujaanza kuuza.

HESABU YA PESA

Hapa ndipo barua nyingi zinaharibika, kwa sababu mtu anadai bei ya kuuzia. Mimi begi moja nauza 25,000. Mabegi 120 yaliyopotea yangenipa 3,000,000. Bima haiangalii hiyo. Inaangalia thamani uliyokatia bima, na kawaida thamani hiyo inapatikana hivi: bei ya kununulia, jumlisha usafiri, jumlisha bima yenyewe, halafu ongeza asilimia 10. Hiyo asilimia 10 ndiyo inayokusaidia kwenye gharama ndogondogo na faida uliyoitegemea.

Ya kwangu ilikuwa hivi:

Mabegi 600 kwa 12,000: 7,200,000
Usafiri: 1,320,000
Bima: 80,000
Jumla: 8,600,000
Ongeza asilimia 10: 860,000
Thamani ya bima: 9,460,000

Katoni zote zilikuwa sawa, kwa hiyo nikagawa kwa 20. Katoni moja ni 473,000. Katoni 4 ni 1,892,000. Kavanoti ilisema shilingi 100,000 ya kwanza ya kila dai naibeba mwenyewe. Ikabaki 1,792,000.

Kama katoni zako zina bidhaa tofauti, usigawe kwa idadi. Chukua bei ya bidhaa zilizopotea kwenye invoisi, uone ni sehemu gani ya invoisi nzima, halafu sehemu hiyohiyo uitoe kwenye thamani ya bima. Na kama ulitaja thamani nusu ili ulipie bima kidogo, malipo nayo yanakuwa nusu. Mimi ningetaja 4,730,000, zile katoni 4 zingekuwa na thamani ya 946,000 tu, hapo bado hawajakata ile 100,000.

BARUA YENYEWE

Andika hivi, ubadilishe namba ziwe za kwako:

Tarehe: 30 Aprili 2024

Kwa: Meneja wa Madai, (jina la kampuni ya bima)

YAH: MADAI YA FIDIA, KATONI 4 ZILIZOPOTEA SAFARINI, KAVANOTI NAMBA ______

Mimi ni mwenye bima iliyotajwa hapo juu, iliyokatwa kwa masharti A. Mzigo ni mabegi ya kina mama, katoni 20, uliotoka Guangzhou kuja Dar es Salaam kwa meli iliyotajwa kwenye BL namba ______.

Tarehe 29 Aprili 2024 nilikabidhiwa katoni 16 kwenye ghala la msafirishaji. Katoni namba 7, 8, 15 na 19, zenye mabegi 120, hazikuwepo. Nilisaini makabidhiano nikionyesha upungufu huo, na siku hiyohiyo nilimwandikia msafirishaji nikimwambia anawajibika kwa upungufu huo.

Nadai kama ifuatavyo:
Thamani ya bima, katoni 20: Sh 9,460,000
Thamani ya katoni 1: Sh 473,000
Katoni 4: Sh 1,892,000
Toa kiasi ninachobeba mwenyewe: Sh 100,000
Kiasi ninachodai: Sh 1,792,000

Naambatanisha:
1. Kavanoti
2. Invoisi ya muuzaji na uthibitisho wa malipo
3. Orodha ya mzigo kwa kila katoni
4. BL, pamoja na risiti ya ghala la Guangzhou yenye idadi na uzito
5. Karatasi ya makabidhiano ya Dar es Salaam yenye maelezo ya upungufu
6. Nakala ya barua yangu kwa msafirishaji
7. Picha za katoni 16 zilizofika

Jibu la maandishi la msafirishaji nitaliwasilisha mara nitakapolipata. Katoni hizi zikipatikana, nitawajulisha mara moja.

Jina, sahihi, simu

Ni hiyo tu. Usiweke hadithi ya mkopo wala wateja waliokasirika. Na usiandike "zimeibiwa" kama hujui. Andika "hazikuwepo". Ukisema wizi, utaulizwa RB ya polisi. Kama kuna dalili za wizi kweli, mfano katoni imechanwa, nenda ukaichukue kabisa.

KILA KARATASI INA KAZI YAKE

Ukielewa kila karatasi inajibu swali gani, hutasumbuliwa. Invoisi inajibu "ilikuwa na bei gani". Orodha ya katoni inajibu "ndani ya namba 7 kulikuwa na nini". BL na risiti ya Guangzhou zinajibu "mzigo ulikabidhiwa kweli kwa msafirishaji". Karatasi ya Dar inajibu "kilifika nini".

Mimi niliulizwa swali ambalo wengi hawalitegemei: tutajuaje kwamba mabegi hayakuhamishiwa kwenye zile katoni 16? Uzito ndio ulijibu. Risiti ya Guangzhou ilisema katoni 20, kilo 360, yaani kilo 18 kila moja. Ghala la Dar lilipima katoni 16 likapata kilo 288. Gawa uone, ni kilo 18 vilevile. Swali likaishia hapo. Kwa hiyo omba uzito uandikwe kote kuwili, mzigo unapoingia na unapotoka.

Kwenye kontena la kuchanganya, BL kubwa inaweza kuwa na jina la ajenti, siyo lako. Mwombe BL yake ndogo yenye jina lako, alama ya katoni zako na idadi. Omba mapema, mzigo ukiwa bado uko China. Ukishapotea, hakuna anayekuwa na haraka ya kukuandikia.

WAKIKAA KIMYA

Peleka barua kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Jaza na fomu yao ya madai, namba zake zifanane na za barua. Wakikataa, waombe waandike ni sharti gani la bima wanalolitumia. Hiyo barua ya kukataa ndiyo utakayoenda nayo TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO).

Msafirishaji naye usimsahau. Kwa mzigo wa baharini, muda wa kumfungulia kesi kwa kawaida ni mwaka mmoja tangu mzigo ufike au ulipotakiwa kufika. Bima ikivuta miguu hadi mwaka unakaribia kuisha, wakumbushe tarehe hiyo kwa maandishi, maana ikipita wao ndio wanapoteza wa kumdai, na hutaki waseme wewe ndiye uliyechelewesha.

Isevu hii posti, na mzigo ujao anza na karatasi namba 3 na 4. Hizo mbili ukizikosa Guangzhou, hapa Dar huzipati.